Chupa Iliyodumu Miezi Minne: Losheni ya Jua Hupakwa Kiasi Gani Hasa?

Desemba iliyopita nilikwenda likizo Shinyanga, nikafikia kwa binamu yangu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na ana ualbino. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mbele ya kioo anajipaka losheni ya kujikinga na jua. Alidondosha tone moja kiganjani, akasugua mikono kwa mikono, akajipitishia usoni, shingoni na mikononi hadi kwenye kiwiko. Halafu akafunga chupa kwa uangalifu kama mtu anayefunga chupa ya asali. Chupa ilikuwa ya mililita 100, na aliniambia kwa fahari kwamba ameianza mwezi wa nane.

"Dada, ukipaka kwa akili haiishi haraka," alisema.

Nilinyamaza, lakini kichwani nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu. Ndiyo ubaya wa kusoma fizikia, kila kitu kinageuka hesabu. Jirani yake ni sonara, kwa hiyo tukaazima mizani yake ndogo ya kupimia dhahabu. Kesho yake tukapima chupa kabla hajajipaka, tukaipima tena baada ya kujipaka. Tofauti ilikuwa gramu 0.8.

Sasa, je, gramu 0.8 ni nyingi au ni kidogo? Swali hilo ndilo makala hii yote. Na kabla hujajibu, hebu kumbuka mara ya mwisho wewe mwenyewe ulipojipaka. Ulikamua kiasi gani?

Namba iliyo kwenye chupa imetoka wapi

Kwenye chupa ya losheni ya jua utaona herufi SPF na namba mbele yake: 15, 30, 50. Namba hiyo inaeleza ni kiasi gani cha mionzi inayounguza ngozi kinazuiwa. Kwa lugha rahisi, SPF 30 maana yake ni kwamba sehemu moja tu kati ya 30 ya mionzi hiyo ndiyo inayopenya mpaka kwenye ngozi. Mionzi tunayoizungumzia ni ya urujuanimno, ile ambayo macho hayaioni na ambayo haina uhusiano na joto unalolihisi. Ndiyo maana siku yenye upepo baridi bado unaweza kuungua.

Namba hiyo hupatikana maabara. Watu wanaojitolea hupakwa losheni mgongoni kwenye eneo lililopimwa, kisha humulikwa taa maalumu, na watafiti huangalia inachukua mionzi mingi kiasi gani hadi ngozi ianze kuwa nyekundu, ikilinganishwa na ngozi isiyopakwa. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: katika kipimo hicho, losheni hupakwa miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Si 1, si "kiasi cha kutosha". Ni 2, na viwango vya kimataifa ndivyo vinavyosema hivyo. Kiasi hicho kilichaguliwa kwa sababu ukipaka kidogo zaidi ni vigumu kuisambaza sawasawa, na majibu ya maabara moja hayafanani na ya nyingine.

Kwa hiyo namba ya kwenye chupa ni ahadi yenye sharti. Inasema: ukinipaka kwa unene huu, nitakulinda hivi. Ukipaka pungufu, ahadi haikuhusu. Na watafiti waliopima watu wakijipaka kama walivyozoea, ufukweni na majumbani, wamekuta mara kwa mara kwamba wengi hupaka kati ya miligramu 0.5 na 1 kwa sentimita ya mraba. Yaani robo hadi nusu ya kinachotakiwa.

Nusu ya losheni si nusu tu ya hasara

Unaweza kujiuliza, kama napaka nusu, si bado nina kinga ya 15 badala ya 30? Wapo watafiti waliopata majibu yanayokaribia hivyo. Wengine wamekuta kinga inaporomoka kwa kasi kubwa zaidi, kiasi kwamba nusu ya losheni ya SPF 30 inakuacha na kinga ya 5 au 6 tu. Inategemea losheni yenyewe na jinsi ilivyosambaa. Ili uelewe kwa nini inaweza kuporomoka hivyo, inabidi tuiangalie ngozi kwa karibu.

Miligramu 2 kwenye sentimita ya mraba ni utando wenye unene wa kama maikromita 20. Unywele wa binadamu una unene wa takriban maikromita 70, kwa hiyo hata ukipaka kikamilifu bado ni utando mwembamba kuliko unywele. Tena sehemu kubwa ya losheni huwa ni maji, na yakishakauka utando unapungua zaidi. Halafu ngozi yenyewe si bapa kama kioo. Ina matuta na mabonde, unaweza kuyaona nyuma ya kiganja chako sasa hivi. Losheni ikiwa kidogo inakimbilia mabondeni, na vilele vya matuta vinabaki karibu vitupu.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua miale 100 inayotua kwenye ngozi iliyopakwa SPF 30 vizuri kila mahali. Inapenya kama mitatu. Sasa tuseme umepaka kidogo, na sehemu 10 kati ya 100 za ngozi hazikupata kitu. Kwenye sehemu hizo 10 miale yote 10 inapita. Kwenye sehemu 90 zilizobaki inapita mitatu. Jumla ni miale 13 kati ya 100, na hiyo ni sawa na kinga ya SPF 8 hivi. Umetoka 30 ukafika 8, na bado asilimia 90 ya ngozi yako imepakwa vizuri kabisa.

Sasa rudia hesabu hiyo hiyo ukiwa umenunua ile ya bei mbaya, SPF 50. Kwenye mianya inapita miale 10, kwingine inapita kama miwili. Jumla 12, kinga ya 8 na kidogo. Ile pesa ya ziada imekununulia karibu hakuna! Paa lenye matundu halizibwi kwa kununua bati nene zaidi la kuweka pale pasipovuja.

Sasa turudi kwa binamu

Mililita moja ya losheni ina uzito unaokaribia gramu moja, kwa hiyo mililita 100 ndani ya miezi minne, yaani siku 120, ni kama gramu 0.83 kwa siku. Mizani ya sonara ilikuwa imesema 0.8. Hesabu na kipimo vimekubaliana.

Eneo analopaka ni lipi? Uso, masikio na shingo kwa mtu mzima ni kama sentimita za mraba 900. Mikono miwili kuanzia kiwiko hadi vidoleni, kwa sababu huvaa shati la mikono mifupi, ni kama 1,800. Jumla 2,700. Zidisha kwa miligramu 2, unapata miligramu 5,400, yaani gramu 5.4. Hicho ni kama kijiko kimoja cha chai kilichojaa.

Yeye alikuwa anatumia 0.8. Ni chini ya moja ya sita. Ukigawanya, ngozi yake ilikuwa inapata miligramu 0.3 kwa sentimita ya mraba. Kwa kiasi hicho hata maabara wasingejaribu kukupa namba. Alikuwa anatoka kila asubuhi, anasimamia gwaride la wanafunzi kwenye jua la Shinyanga, akiamini amevaa kinga ya 30.

Kwa mtu mwenye ualbino hili si suala la urembo. Ngozi yake ina melanini kidogo sana au haina kabisa, na melanini ndiyo mwavuli wa asili wa ngozi. Hapa kwetu, saratani ya ngozi ni miongoni mwa mambo yanayofupisha sana maisha ya watu wenye ualbino, na mara nyingi huanza pale pale jua linapopiga kila siku: masikioni, usoni, shingoni, nyuma ya mikono. Huanza kama kidonda kidogo au kigaga kinachokuja na kurudi. Kidonda kwenye maeneo hayo kikipita mwezi bila kupona, kinatakiwa kuonwa na mtaalamu wa ngozi, si kupakwa dawa ya kienyeji na kusubiri.

Kwa nini karibu kila mtu hupaka kidogo

Usidhani ni ujinga wa binamu yangu. Mimi mwenyewe nilijipima na nilikuwa nusu. Sababu ziko wazi ukizifikiria.

Ya kwanza ni mazoea ya mafuta ya kawaida. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba mafuta yanapakwa hadi yapotee, ngozi ing'ae, basi. Kwa mafuta ya mgando hilo ni sawa, kwa sababu kazi yake ni kuzuia ngozi isikauke. Losheni ya jua kazi yake ni kubaki juu kama utando. Ikipotea mara moja baada ya kupakwa, mara nyingi ni dalili kwamba umepaka kidogo.

Ya pili ni rangi nyeupe. Losheni nyingi zina oksidi ya zinki au dioksidi ya titani, na hizo ni unga mweupe. Kwenye ngozi nyeusi ukipaka kiasi kamili unaweza kuonekana kama umejimwagia unga wa sembe. Mtu anapunguza kidogo, kesho anapunguza tena, mpaka anafika kwenye kiasi kisichoonekana, ambacho pia hakikingi. Kama hilo ndilo tatizo lako, tafuta losheni isiyoacha weupe au yenye rangi, badala ya kuipunguza uliyo nayo.

Ya tatu ni bei, na hapa hakuna haja ya kuzungukazunguka. Binamu yangu akipaka gramu 5.4 asubuhi na kurudia mara moja mchana, chupa yake inaisha kwa siku 9. Ni mshahara gani wa mwalimu utakaohimili hilo? Ipo losheni iitwayo Kilisun, inayotengenezwa Moshi mahususi kwa watu wenye ualbino, nao huipata bure. Lakini hata anayepewa bure anajua safari ya kufuata chupa nyingine. Kwa hiyo anabana. Ningekuwa yeye, ningebana pia.

Vidole viwili

Basi unapimaje bila mizani ya sonara? Njia rahisi niliyoiona ilipendekezwa na watafiti wa Uingereza mwaka 2002, na kifaa chake unacho tayari. Kamua losheni mstari mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, kuanzia mkunjo wa chini kabisa pale kidole kinapokutana na kiganja, hadi nchani. Mistari hiyo miwili ni kama gramu 3, na inatosha sehemu moja kati ya 11 za mwili.

Sehemu zenyewe ni hizi: kichwa pamoja na uso na shingo ni moja. Kila mkono mzima, kuanzia begani hadi vidoleni, ni moja, kwa hiyo mikono ni mbili. Mbele ya kiwiliwili ni mbili, kifuani na tumboni. Nyuma ni mbili pia, juu na chini. Kila mguu una mbili, paja, na kuanzia goti hadi unyayo. Jumlisha, ni 11. Gramu 3 mara 11 ni gramu 33, na hicho ni karibu sawa na kiasi ambacho mwili wa mtu mzima wenye mita za mraba 1.7 unahitaji ukipigia hesabu ile ya miligramu 2. Maana yake, ukienda ufukweni Coco au Bamburi umevaa nguo ya kuogelea tu, chupa ya mililita 100 inakutosha mara tatu. Kama familia ya watu wanne imekuja na chupa moja na imerudi nayo ina nusu, unajua kilichotokea.

Uzuri wa vidole ni kwamba vinaendana na mwili. Mtu mkubwa ana vidole vikubwa. Ukimpaka mtoto, pima kwa vidole vyake, si vyako.

Kwa uso peke yake, kama una nywele kichwani, huhitaji gramu zote 3. Uso, masikio na shingo vinachukua kama gramu 2 hivi, kwa hiyo mistari miwili isiyofika mwisho inatosha. Kama umenyoa au una upara, paka yote, utosi nao ni ngozi.

Ukiona mistari miwili ni mingi mno kwa mkupuo mmoja, paka mstari mmoja, subiri dakika chache ukauke, kisha paka wa pili. Njia hii ina faida mbili. Kiasi kinaongezeka, na pia mkono wako haupiti njia ile ile mara zote mbili, kwa hiyo mwanya ulioachwa mara ya kwanza unapata nafasi ya kuzibwa. Watu husahau sana masikio, kisogo, mstari wa nywele na pembeni mwa macho. Paka dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa juani, au mapema zaidi kama umetoka jasho jingi au umejifuta kwa taulo.

Nguo ndiyo inayopunguza hesabu

Hapa ndipo mimi na binamu tulipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu kumwambia mtu "paka mara sita zaidi" bila kumwambia pesa itoke wapi si msaada.

Losheni inazidishwa na eneo. Kama huwezi kuongeza losheni, punguza eneo. Binamu akivaa shati la mikono mirefu lenye kitambaa kizito kiasi, mikono inatoka kwenye hesabu, inabaki sehemu ya nyuma ya viganja tu, kama sentimita za mraba 400. Jumlisha 900 za uso, masikio na shingo, unapata 1,300. Hizo zinahitaji gramu 2.6, chini ya nusu ya ile 5.4. Chupa iliyokuwa inaisha kwa siku 9 sasa inafika siku 19, huku ngozi ikipata kiasi kamili mara mbili kwa siku. Kofia pana pande zote, si kapelo inayoacha masikio na kisogo nje, haipunguzi losheni unayopaka lakini inapunguza mionzi inayofika usoni. Na nguo haina mianya ya kupaka vibaya wala haihitaji kurudiwa baada ya saa mbili. Njia rahisi ya kuijaribu ni kuinyanyua juu uitazame kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya kwa urahisi, na mionzi inapenya.

Pia usikate tamaa kama hufikii miligramu 2. Huko Nambour, Australia, kati ya mwaka 1992 na 1996 watafiti waliwagawa wakazi makundi mawili: wengine wapake losheni kila siku kichwani, shingoni na mikononi, wengine waendelee na mazoea yao. Kundi la kila siku lilipata aina moja ya saratani ya ngozi, ile ya seli bapa, pungufu kwa takriban asilimia 40. Na walipopimwa, kwa kawaida walikuwa wanapaka chini ya nusu ya kiwango cha maabara. Kwa hiyo kupaka pungufu kila siku bado kuna faida. Hatari inakuja pale unapopaka pungufu halafu ukaamini umekingwa kikamilifu, ukaongeza saa za kukaa juani.

Na wewe mwenye ngozi nyeusi usiye na ualbino? Melanini yako inafanya kazi kubwa, na saratani ya ngozi itokanayo na jua ni nadra kwako. Huna sababu ya kupaka gramu 33 ili uende sokoni. Lakini kama unatibu madoa usoni, una ugonjwa wa lupasi, unatumia dawa kama doksisaiklini inayoifanya ngozi iungue upesi, au ngozi yako imechubuliwa na mkorogo, basi hesabu ya vidole viwili inakuhusu usoni na shingoni. Ngozi nyeusi ikiungua si rahisi kuona wekundu. Utahisi joto, kukazwa na maumivu ukiigusa, na baada ya siku kadhaa itabambuka.

Kabla sijaondoka Shinyanga, binamu alichukua kalamu ya wino mzito akaandika tarehe kwenye chupa mpya. Tulikubaliana kwamba kwa shati refu, chupa ikipita wiki tatu bila kuisha, kuna mahali anaanza kubana tena. Juzi alinipigia simu. Iliisha siku ya 20.

Hebu kaangalie chupa yako. Unakumbuka uliianza lini?